Kidole kinafungua simu, ila skrini yangu inadai "Bayometriki haipo". Nimekosea wapi?

#1 Msusi_wa_Msimbo
Wakuu salamu. Nina programu ndogo ya Android ya kutunza kumbukumbu za afya za familia: majibu ya vipimo, dozi, tarehe za kliniki. Skrini ya majibu ya vipimo nimeifunga, haifunguki bila kidole au uso. Data yenyewe nimeisimba kwa ufunguo unaokaa Keystore, na ufunguo huo haufanyi kazi mpaka mtu athibitishwe.

Wiki hii nimepata malalamiko matatu. Wa kwanza anasema simu yake inafunguka kwa uso kila siku, lakini programu inamwambia bayometriki haipo. Wa pili alikuwa na mkono wenye maji, akagusa kihisi mara moja tu, skrini ikamtoa nje. Wa tatu ndiye ananinyima usingizi. Kidole chake kinafungua simu bila shida, ila kwangu anaambiwa "Bayometriki haipo", na akibonyeza "Jaribu tena" anaambiwa vilevile. Majibu yote ya mama yake, aliyoyaingiza kwa mkono, yamo mle.

Nyie bayometriki ikigoma mnamrudisha mtumiaji wapi? Namba ya siri ya simu, au namba ya siri ya programu yenyewe?

#2 fundi_nusu
Rahisi tu mkuu. Ruhusu namba ya siri ya simu, mchezo umekwisha. Ni neno moja unaongeza:

```kotlin
setAllowedAuthenticators(BIOMETRIC_STRONG or DEVICE_CREDENTIAL)
```

Kidole kikigoma, mtu anaweka namba yake. Mimi nimefanya hivyo, sijawahi kusikia lawama.

#3 KichwaNgumu
Nami nina shida kama hiyo. Nimesahau mchoro wa kufungua simu yangu, nifanyeje nisipoteze picha?

#4 NgaziMoja
#3 mkuu, hapa tunazungumzia mtu anayetengeneza programu. Fungua uzi wako, huku utapotea.

#2, hujasikia lawama kwa sababu watumiaji wako wana simu mpya. Mchanganyiko huo haukubaliki kwenye Android 9 na 10. `canAuthenticate` itakurudishia `BIOMETRIC_ERROR_UNSUPPORTED`, na kama msimbo wako unatafsiri kila jibu lisilo sifuri kuwa "haipo", mtu mwenye kidole kizima na namba ya siri nzima ataambiwa hana chochote. Na usisahau kuondoa `setNegativeButtonText`. Ukiruhusu namba ya siri ya simu halafu ukaacha kitufe hicho, programu inaanguka palepale unapoita `build()`.

#5 fundi_nusu
Kumbe. Hilo la kitufe liliwahi kunila siku nzima, nikadhani simu ni mbovu.

#6 BintiSaruji
Mimi si mtaalamu, ni mtumiaji. Nafanya kazi ya ujenzi na vidole vyangu saruji imevila. Asubuhi kihisi kinanitambua, jioni hakinijui kabisa. Kuna programu moja ya fedha ilikuwa haina njia nyingine zaidi ya kidole. Nikawa nasubiri mikono ipone ndipo nione salio langu. Niliifuta. Kwa hiyo ndugu mleta uzi, usimfanyie mtu hivyo. Weka njia ya pili inayoonekana tangu mwanzo. Usiifiche mpaka mtu akosee mara tano.

#7 NgaziMoja
#6 umegusa lalamiko la pili la mleta uzi. Msusi, nina hakika umeandika "funga skrini" ndani ya `onAuthenticationFailed`.

#8 Msusi_wa_Msimbo
#7 umejuaje?

#9 NgaziMoja
Kwa sababu jina lake linadanganya, na sote tumepita hapo. Hiyo maana yake ni kwamba kidole kilichowekwa hakikulingana. Dirisha la mfumo bado liko wazi na mtu anaweza kujaribu tena, kwa hiyo wewe usifanye chochote. Mwisho wa safari ni `onAuthenticationError`. Akikosea mara tano inakuja namba 7, `ERROR_LOCKOUT`, kihisi kinapumzika sekunde 30. Akiendelea kukosea inakuja namba 9, na hapo kihisi hakirudi mpaka mtu afungue kwa namba ya siri, mchoro au nywila ya simu.

Wakati wa kifungo hicho, ukiuliza `canAuthenticate` bado itakujibu kwamba mambo ni safi. Inajibu kama simu ina uwezo huo, haijibu kama uwezo huo unapatikana dakika hii. Kwa hiyo usipange njia mbadala kwa kuiuliza kabla tu. Lazima usikilize na kosa linalokuja baadaye.

#10 Mzamiaji
Lalamiko la kwanza nalijibu mimi. Uso wa kwenye Android nyingi unapigwa picha na kamera ya mbele ya kawaida. Watengenezaji wanauweka daraja la chini, unaruhusiwa kufungua simu tu na programu haziwezi kuuomba. Ndiyo maana mtu anakuapia kwamba uso unafanya kazi, na programu inaapa kwamba haupo. Wote wawili wanasema kweli. Pixel zote ziko hivyo.

#11 NgaziMoja
Si zote. Pixel 4 ilikuwa na vihisi maalumu vya uso na programu ziliukubali. Pixel 7 ndiyo uso wake ulikuwa wa kufungulia simu tu. Pixel 8 ukapanda tena daraja. Usimhukumu mtu kwa jina la simu, muulize mfumo.

Na jibu la mfumo nalo lisomwe vizuri. Mtu wa namna hiyo ana kihisi cha kidole lakini hakusajili kidole, kwa sababu uso unamtosha. Ukiomba `BIOMETRIC_STRONG` utapata 11, yaani hakuna kilichosajiliwa. Ukipata 12 ndipo useme simu haina kihisi. Mwenye 11 mwambie "sajili alama ya kidole", na kuanzia Android 11 unaweza kumfungulia ukurasa wenyewe wa kusajili kwa `Settings.ACTION_BIOMETRIC_ENROLL`. Neno "haipo" linamfanya aamini simu yake ni ya bandia.

#12 Kobe2
Haya, ya tatu sasa. Msusi weka msimbo unaofungua, tusipige ramli.

#13 Msusi_wa_Msimbo
Msinicheke.

```kotlin
try {
    val ufunguo = pataAuTengenezaUfunguo()
    cipher.init(Cipher.DECRYPT_MODE, ufunguo,
        GCMParameterSpec(128, iv))
    prompt.authenticate(info, CryptoObject(cipher))
} catch (e: Exception) {
    onyesha("Bayometriki haipo")
}
```

Na ndani ya `onAuthenticationSucceeded` naita `doFinal`, nayo ina `catch` yake yenye ujumbe uleule.

#14 Kobe2
Nimecheka kidogo.

Huyo mtu aliongeza kidole kipya, naweka dau. Ufunguo wa Keystore unaodai bayometriki, usipogusa mpangilio wake, unakufa siku kidole kipya kinaposajiliwa. Ni makusudi, ili mtu aliyeokota namba yako ya siri asiongeze kidole chake na kuingia. Unapoita `cipher.init` unatupiwa `KeyPermanentlyInvalidatedException`. Wewe umeimeza na kuibatiza "Bayometriki haipo".

#15 Msusi_wa_Msimbo
Nimemuuliza. Anasema hakuongeza kidole chochote.

#16 Mzamiaji
Basi alifuta kimoja. Ukifuta pia ufunguo unakufa.

#17 NgaziMoja
#16 hapo unachanganya na iPhone. Kule ukitumia `biometryCurrentSet`, kuongeza au kufuta kote kunaua. Android inaua kinapoongezwa kipya, au visipobaki kabisa. Ukifuta kimoja kati ya vitatu, ufunguo unabaki hai.

#18 Usiku_Mnene
Mna uhakika ni kidole? Muulizeni kama simu iliwahi kwenda kwa fundi. Mafundi wengi wanakuambia "toa lock kabla hujaniachia". Ukiondoa kufuli la skrini, alama za vidole zinafutwa na funguo zote zinazodai uthibitisho zinakufa. Simu ikirudi unaweka kufuli lilelile na kidole kilekile, unaona kila kitu kiko kama zamani. Ufunguo haufufuki. Na mtu huyo atakujibu kwa moyo mweupe kwamba hakuongeza chochote.

#19 Kobe2
#18 hiyo nzuri. Ila kuna ya tatu, na imo kwenye jina la fomula yenyewe: `pataAuTengenezaUfunguo`. Je, kama alibadilisha simu? Hifadhi rudufu ya Android inabeba mafaili ya programu kwenda simu mpya bila hata wewe kuiomba, mpaka uizime kwa `android:allowBackup` au uyataje mafaili ya kuachwa. Faili la data lililosimbwa linahama. Ufunguo wa Keystore hauhami kamwe. Kwenye simu mpya msimbo wa Msusi unatafuta ufunguo, haupo, unatengeneza mpya kimyakimya, unamwomba mtu kidole, kidole kinakubaliwa, halafu `doFinal` inajaribu kufungua kufuli la zamani kwa ufunguo mpya. Inatoka `AEADBadTagException`. Ujumbe? "Bayometriki haipo". Na kidole amekiweka sekunde mbili zilizopita!

#20 NgaziMoja
Hapo sasa kuna njia ya kutofautisha bila hata logi. Ufunguo ukiwa umekufa, kosa linatokea kabla ya dirisha la kidole. Ukiwa mpya, dirisha linatokea, anaweka kidole, ndipo ujumbe unakuja. Msusi muulize swali moja tu: aliombwa kidole kwanza, au ujumbe ulikuja moja kwa moja?

#21 Msusi_wa_Msimbo
Nimemuuliza. Jibu lake, nalinukuu: "kuna wakati inaomba." Nimeuliza kuhusu fundi, hajajibu. Simu anasema ni ileile.

#22 Usiku_Mnene
"Kuna wakati inaomba" 😂 Huyo ni mtumiaji kamili.

#23 BintiSaruji
Msimcheke. Mtu anataka majibu ya mama yake, hajakaa kuhesabu madirisha.

#24 Msusi_wa_Msimbo
Kweli dada. Swali langu sasa: nifanyeje ili hata ufunguo ukifa, data isife nao? Nikifuta ufunguo na kutengeneza mpya, programu inafunguka lakini ya zamani yamekwenda.

#25 NgaziMoja
Usisimbe data kwa ufunguo wa kidole moja kwa moja. Tengeneza ufunguo wa data mmoja, wa nasibu, baiti 32. Huo ndio unasimba majibu ya vipimo. Kisha ufunge ufunguo huo mara mbili, kwenye bahasha mbili. Bahasha ya kwanza inafungwa na ufunguo wa Keystore unaodai kidole. Ya pili inafungwa na ufunguo unaotokana na namba ya siri ya programu yako.

Siku ya kawaida mtu anaweka kidole, bahasha ya kwanza inafunguka. Siku ukipata `KeyPermanentlyInvalidatedException`, mwambie ukweli: "Alama za vidole au kufuli la simu hii vimebadilika, weka namba ya siri ya programu." Unafungua bahasha ya pili, unapata ufunguo wa data uleule, unafuta ufunguo wa kidole uliokufa, unatengeneza mpya na kufunga bahasha ya kwanza upya. Data yenyewe hujaigusa. Na pale unapofungua, kamwe usitengeneze ufunguo. Kutengeneza ni kazi ya siku ya kusajili tu.

#26 Kobe2
Nyongeza kwa #25. Namba ya siri ya tarakimu 6 ina michanganyiko milioni moja tu. Mtu akilichota faili la bahasha ya pili, anaijaribu yote kwenye kompyuta yake, hata ukipunguza kasi kwa PBKDF2. Kwa hiyo hiyo bahasha ya pili ivike tena ufunguo mwingine wa Keystore usiodai uthibitisho. Hapo kubahatisha kunalazimika kufanyika ndani ya simu ileile.

#27 Mzamiaji
Halafu akibadilisha simu kihalali, ufunguo huo hauhami, na bahasha ya pili nayo inakufa. Umefunga mlango wa mwizi na wa mwenye nyumba pamoja.

#28 Kobe2
Ndiyo. Basi mpe nywila ndefu ya kuhamia, au data iwe na nakala kwenye seva. Lazima uchague.

#29 fundi_nusu
Mnamzungusha bure jamani. Kuanzia Android 11 ufunguo mmoja unaweza kukubali kidole au namba ya siri ya simu:

```kotlin
setUserAuthenticationParameters(0,
    KeyProperties.AUTH_BIOMETRIC_STRONG or
    KeyProperties.AUTH_DEVICE_CREDENTIAL)
```

Ufunguo wa namna hii haufi mtu akiongeza kidole. Hakuna bahasha, hakuna namba ya pili ya kusahau. Watu wanasahau namba za programu kuliko unavyodhani, na ukiwawekea "umesahau?" umerudi kwenye barua pepe, ambayo iko wazi kwenye simu hiyohiyo.

#30 NgaziMoja
#29 leo umepatia, nusu. Haufi kwa kidole kipya, ila wa #18 aliyeondoa kufuli kwa fundi bado anaupoteza. Na kuna swali la nani anajua namba ya siri ya simu. Kumbukumbu za afya mara nyingi hujazificha kwa mwizi. Umezificha kwa mtu wa nyumbani, na huyo namba ya simu anaijua.

#31 fundi_nusu
Anayejua namba ya simu anaweza kusajili kidole chake pia. Kwa hiyo kidole chako nacho hakikulindi.

#32 Kobe2
Ndiyo sababu ufunguo wa kidole pekee unakufa akisajili! Hapo ndipo tofauti ilipo. Kwa njia ya Msusi, akiongeza kidole chake haoni kitu, na mwenye programu anashtuka kwamba kuna kilichobadilika. Kwa njia yako anaweka namba, anasoma, anarudisha simu mezani.

#33 fundi_nusu
Na kwa njia yenu mama wa watu anapoteza majibu kwa sababu mjukuu alisajili kidole ili acheze gemu. Mimi nabaki na yangu.

#34 PembeTatu
Kwa walio upande wa iPhone, nina jambo moja, maana lilinitesa. Mtu akikataa ruhusa ya Face ID mara ya kwanza programu inapoomba, `canEvaluatePolicy` ya bayometriki inakurudishia `biometryNotAvailable`. Uso upo, umesajiliwa, ila wewe hujaruhusiwa. Nilikuwa nawaambia watu "simu yako haina Face ID" na wananitumia picha ya Face ID. Unamwelekeza kwenye mipangilio ya programu, au unatumia `deviceOwnerAuthentication`, ambayo inamruhusu aweke namba ya siri ya simu.

#35 Usiku_Mnene
Swali la pembeni. Tukitumia namba ya siri ya simu, mimi skrini yangu inaomba, naweka, inaomba tena, naweka, haishi. Simu ya Android 9.

#36 NgaziMoja
#35 umeweka kufuli kwenye `onResume`. Kwenye simu hizo ukurasa wa namba ya siri unafunguka juu ya programu yako, programu inasimama, ukimaliza inaamka, `onResume` inaona imeamka na kuomba tena. Weka alama kwamba uthibitisho unaendelea, na hesabu muda tangu mtu alipoondoka kweli. Na skrini hiyo ipe `FLAG_SECURE`, la sivyo majibu ya vipimo yanaonekana kwenye orodha ya programu za karibuni hata kama umeifunga.

#37 Usiku_Mnene
Imekubali. Asante.

#38 Msusi_wa_Msimbo
Mrejesho. Nimetenganisha makosa: ufunguo ukikosekana ujumbe wake, ukifa ujumbe wake, `AEADBadTagException` ikitokea ujumbe wake, kihisi kikifungwa sekunde 30 natoa namba ya siri palepale. Bahasha mbili naanza leo, ila kwa watumiaji wapya na wale ambao kidole bado kinafungua. Yule wa tatu nimemwambia asifute programu kwanza. Bado hajanijibu kuhusu fundi.

#39 Kobe2
Na `pataAuTengeneza` umeitoa?

#40 Msusi_wa_Msimbo
Nimeitoa. Ila nimekumbuka kitu kinaniogopesha. Toleo la mwezi uliopita, ukibonyeza "Jaribu tena", lilikuwa linafuta ufunguo kwanza ndipo linaita hiyo.

#41 NgaziMoja
Oh. Basi "kuna wakati inaomba" imepata maana. Mara ya kwanza haikuomba, akabonyeza, ufunguo ukafutwa, mpya ukatengenezwa, kuanzia hapo ikawa inaomba.

#42 Usiku_Mnene
Hiyo inaeleza kwa nini inaomba. Haielezi nini kiliua ule wa kwanza. Mimi bado nipo kwa fundi.

#43 KichwaNgumu
Wakuu, mchoro nimeukumbuka. Ilikuwa herufi ya kwanza ya jina langu.